Kijani sio kushoto wala kulia? Niliyoyaongea Ligula, Mtwara, kuhusu mipaka ya ukuaji

Wazee wangu shikamooni, mama zangu shikamooni, vijana mambo vipi. Asanteni kwa kuja na joto lote hili, najua wengine mmetoka shamba moja kwa moja na wengine mna mnada wiki hii.

Kabla sijaenda mbali niondoe mkanganyiko, maana hapa kwetu ukisema kijani mtu anaona shati la CCM. Leo nikisema chama cha kijani simaanishi hicho. Namaanisha vyama vya mazingira, vile vya Ulaya hasa, vilivyoanza miaka ya sabini, ambavyo vimewasumbua sana wataalamu wa siasa kwa sababu hawajui wavikalishe upande gani, kushoto kwa wajamaa au kulia kwa watu wa soko huria. Nataka tuelewe kwa nini ni vigumu kuvikalisha, na kwa nini mwishoni vinakaa tu, hata kama vyenyewe havitaki.

Naanzia hapa hapa nyumbani, kwenye karanga.

Wazee wa Nachingwea wanaijua hii. Baada ya vita kuu ya pili Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula, kwa hiyo mwaka 1947 wakaja kulima karanga Tanganyika, Kongwa, Urambo na huku kusini Nachingwea, lengo likiwa zaidi ya ekari milioni 3. Bandari yetu hii yenye kina kirefu ilijengwa ajili ya karanga, na reli ikatandikwa kutoka Mtwara mpaka Nachingwea, reli ambayo miaka ya sitini mwanzoni iling'olewa. Kule Kongwa udongo ukikauka ulikuwa mgumu kama tofali, mvua haikuja kwa kalenda ya London, matrekta yakafa haraka kuliko mafundi walivyoweza kuyatengeneza, na 1951 mpango ukafutwa, pauni kama milioni 36 zikaandikwa hasara.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Serikali iliyoleta mpango ule ilikuwa ya chama cha Leba, wajamaa, mrengo wa kushoto. Wazo lenyewe lilitoka kwa kampuni ya biashara, United Africa Company, tawi la Unilever, hao ni mabepari kabisa. Wapinzani wa mrengo wa kulia walipiga kelele sana bungeni, ila kelele zao kubwa zilikuwa pesa ya umma inapotea na serikali haijui biashara. Yaani kushoto na kulia waligombana nani aendeshe shamba na nani alipe, lakini swali la udongo huu unaweza kubeba nini na mvua hii inatosha ekari ngapi halikuwa swali la chama chochote. Halikuwa na mwenyewe.

Hilo swali lisilo na mwenyewe ndo siasa ya kijani ilipozaliwa.

Mwaka 1972 kundi la watafiti wa chuo cha MIT Marekani, akiwemo Donella Meadows na mumewe Dennis, walitoa ripoti iliyoagizwa na Klabu ya Roma, kundi la wasomi na wafanyabiashara wa nchi mbalimbali, jina la ripoti kwa Kiswahili ni Mipaka ya Ukuaji. Walichukua kompyuta wakaunganisha vitu vitano, idadi ya watu, chakula, uzalishaji wa viwanda, malighafi zisizorudi, na uchafuzi, wakaviacha viende mpaka 2100. Mambo yakiendelea kama yalivyo, ukuaji unapanda, unavuka kiwango ambacho dunia inaweza kubeba, halafu unaporomoka ndani ya karne hii tuliyomo. Watu wengi wanasema ripoti ile ilitabiri mafuta yataisha kabla ya mwaka 2000, haikusema hivyo. Ilichosema ni kitu kigumu zaidi kukielewa, na mimi nimeona njia rahisi ya kukielewa ni gesi yetu, kwa hiyo tufanye hesabu kidogo, msiogope ni ya darasa la saba tu.

Kitu kikikua kwa asilimia 7 kwa mwaka, gawa 70 kwa 7 unapata 10, maana yake kila miaka 10 kinakuwa mara mbili. Miaka 10 mara mbili, 20 mara nne, 30 mara nane, 50 mara thelathini na mbili. Sasa tuseme, mfano wangu tu huu sio takwimu ya gesi yetu ya Mnazi Bay, tuna gesi ambayo kwa matumizi ya leo ingetosha miaka 100. Mwanasiasa atasimama atasema tuna gesi ya miaka mia. Lakini huyo huyo anataka viwanda viongezeke na matumizi yakue asilimia 7 kila mwaka. Ukipiga hesabu ile gesi ya miaka 100 inaisha mwaka wa 31. Haya, tuseme Mungu katujalia tumegundua kisima kingine kikubwa, gesi imekuwa mara mbili, ya miaka 200. Inaisha lini? Mwaka wa 40 ukiisha tu. Yaani umegundua gesi nyingine nzima sawa na ya kwanza na umejiongezea miaka 9 tu.

Kijana mmoja pale mbele aliniomba nirudie, nikarudia, na akapiga mwenyewe kwenye simu yake akapata hivyo hivyo.

Hicho ndo kiini cha ripoti. Tatizo ni kasi, na kwamba dalili zinachelewa kuonekana, unapokuja kushtuka muda wa kugeuza umeshapita. Wachumi wengi waliipinga na hoja yao ina nguvu, walisema kitu kikiadimika bei inapanda, watu wanabana matumizi na wanabuni mbadala. Kwa shaba au bati imetokea kweli. Kwa hali ya hewa hapana, kwa sababu moshi unaoutupa angani hauna bei mpaka serikali iuwekee, na kwa samaki ndo kabisa, bei ikipanda baharini wanaingia wavuvi wengi zaidi, hawapungui, nyie wa Mikindani na Msimbati hamhitaji profesa awaambie.

Sasa siasa. Mwaka huo huo wa 1972 kulikuwa na mzee mmoja Mholanzi, Sicco Mansholt, mjamaa wa siku nyingi, kiongozi mkubwa wa Tume ya Ulaya, chombo cha utendaji cha jumuiya ya nchi za Ulaya. Alipoyasoma matokeo yale mapema akashtuka, akaandika barua Februari kwa rais wa Tume kwamba Ulaya iache kufanya ukuaji wa uchumi kuwa lengo. Nani alimrukia? Georges Marchais wa chama cha Kikomunisti cha Ufaransa aliitoa barua ile hadharani akasema hawa wanataka kumshusha mfanyakazi maisha yake. Na nani mwingine alipinga? Raymond Barre, mwenzake ndani ya Tume, mchumi wa mrengo wa kulia, baadaye waziri mkuu wa Ufaransa. Mkomunisti na mtu wa soko, ambao hawakubaliani hata saa ngapi, walikubaliana kwamba ukuaji usiguswe. Kwa mkomunisti keki ikikua mfanyakazi atadai kipande chake, kwa tajiri keki ikikua hakuna haja ya kumega cha kwake. Ukuaji ndo ulikuwa amani yao. Ukija ukasema keki haiwezi kukua milele umewaharibia wote wawili, kwa sababu sasa swali la kugawana linarudi likiwa uchi.

Nikawapeleka Ujerumani, na hapa nikakaa sana kwa sababu ndo kesi yenye mafunzo yote ndani yake.

Kusini magharibi mwa Ujerumani kuna kijiji kinaitwa Wyhl, eneo la wakulima wa zabibu. Ni watu wa kanisa, watu wa mila, kura zao siku zote kwa CDU, chama cha kihafidhina. Serikali ya jimbo, ya CDU hiyo hiyo, ikasema tunajenga mtambo wa nyuklia hapa. Wakulima wakaogopa mvuke wa mtambo utabadilisha hali ya hewa ya mashamba na zabibu zitaharibika. Fikirieni mkulima wa korosho wa Newala anaambiwa kuna kitu kitajengwa kitakacholeta ukungu wakati mkorosho unatoa maua, mnajua wenyewe ukungu na ubwiri unga unavyofanya. Februari 1975 wakavamia eneo la ujenzi wakakaa humo miezi, pamoja na wanafunzi wa chuo wenye nywele ndefu ambao kabla ya hapo wasingewapa hata maji. Mtambo haukujengwa mpaka leo.

Lakini mkulima yule ampigie nani kura? CDU ndo inajenga. Akihamia SPD, wajamaa, kansela wao Helmut Schmidt naye anataka nyuklia na vyama vya wafanyakazi vinataka ajira. Mstari mzima kutoka kushoto kwenda kulia hauna pa kumweka. Wataalamu wanachora siasa kama kamba moja imetandazwa, mkulima wa Wyhl hayuko juu ya kamba, yuko pembeni yake.

Kwa hiyo Januari 1980 chama cha Kijani kikaanzishwa rasmi mji wa Karlsruhe, na waliokuja walikuwa mchanganyiko haswa. Alikuwepo Herbert Gruhl, mbunge aliyetoka CDU 1978, mhafidhina kabisa, kwake yeye kuhifadhi mazingira na kuhifadhi mila ni kitu kimoja. Walikuwepo wajamaa wa vuguvugu la wanafunzi la 1968, wanawake wanaharakati, watu wa amani. Kauli iliyovuma ilikuwa sisi sio kulia wala kushoto, sisi ni mbele.

Kauli ile haikudumu, na hapa ndo nataka mnisikilize. Machi 1980 walikaa mji wa Saarbrücken kuandika ilani, ikabidi waseme ukiweka mipaka nani abebe mzigo, na wengi wakasema mzigo wabebe wenye uwezo, mfanyakazi alindwe, mwanamke apate haki yake. Gruhl na wenzake hawakukubali, baadaye wakaondoka, akaenda kuanzisha chama kingine ambacho kimebaki kidogo. Sio kwamba walilazimishwa kuwa wa kushoto. Ni swali la nani analipa, hilo halina upande wa katikati.

Uchaguzi wa kwanza 1980 walipata asilimia 1.5, 1983 asilimia 5.6 wakaingia bungeni. Sheria ya Ujerumani inasema ukipata asilimia 5 ya kura za chama nchi nzima unapata viti kwa uwiano. Nalisema hili kwa sababu kwetu mbunge wa jimbo ni mshindi mmoja tu, chama chenye asilimia 5 kila mahali hakina jimbo hata moja. Uingereza wana mfumo kama wetu, na mwaka 1989 kwenye uchaguzi wa bunge la Ulaya chama chao cha Kijani kilipata karibu asilimia 15. Asilimia 15! Viti sifuri. Uchaguzi mkuu wa 1992 wakarudi kwenye nusu asilimia.

Kilichowashusha sio mfumo peke yake, na kuna mtafiti, Bonnie Meguid, ambaye 2005 alieleza vizuri vyama vikubwa vinafanyaje na vidogo kama hivi. Vina njia tatu. Kupuuza, unajifanya hoja haipo. Kukumbatia, unaichukua hoja unasema hata sisi tunajali, mpiga kura anarudi kwako. Na kupinga, unashambulia hoja wazi wazi. Hiyo ya tatu ndo yenye maajabu, kwa sababu chama kikubwa kikipinga kinaikuza hoja, kinamfanya kila mtu aione, na wanaohama hawatoki kwake, wanatoka kwa mpinzani wake. Yaani chama cha kulia kinaweza kumpinga Kijani kwa nguvu makusudi, ili Kijani amle chama cha kushoto. Uingereza vyama vikubwa vyote viwili vilikumbatia, Kijani akakosa hewa. Kwa hiyo mkiona chama kikubwa kinamtukana mdogo kila siku, jiulizeni kura zinahama kutoka wapi.

Turudi Ujerumani. Mwaka 2010 serikali ya Angela Merkel, kansela kutoka CDU, iliongeza muda wa mitambo ya nyuklia. Machi 11, 2011 tetemeko na sunami Japani, mtambo wa Fukushima ukaharibika, na Machi 27 ulikuwa uchaguzi wa jimbo la Baden-Württemberg, jimbo lile lile la Wyhl, lililotawaliwa na CDU miaka 58. Kijani walipata asilimia 24, wakawazidi SPD kidogo, wakaungana nao, na Winfried Kretschmann akawa kiongozi wa kwanza wa jimbo kutoka Kijani. Ni mzee wa kanisa, mtulivu, anaongea lugha ya mkulima. Mwaka 2016 akapata asilimia 30 na safari hii akaunda mseto na CDU wenyewe. Merkel naye akageuka, akakumbatia, sheria ya kufunga nyuklia ikapita 2011, mitambo mitatu ya mwisho ikazimwa Aprili 15, 2023.

Kwa hiyo Kijani huyo huyo jimbo moja anakaa na wajamaa, lingine anakaa na wahafidhina. Vyama vikubwa vilizoea hesabu ya kambi mbili, sasa kuna mtu anayeweza kwenda pande zote na bei yake ni wizara ya mazingira au ya nishati.

Lakini ukikaa serikalini lazima usaini vitu. Oktoba 2022 mawaziri wa Kijani walikubaliana na kampuni ya umeme ya RWE kwamba makaa ya mawe eneo la Rhine yaachwe 2030 badala ya 2038, ila kijiji cha Lützerath kibomolewe makaa yaliyo chini yake yachimbwe. Januari 2023 polisi waliwatoa vijana waliojenga vibanda juu ya miti, na miongoni mwa vijana wale walikuwemo wapiga kura wa Kijani. Mimi naona makubaliano yale kwa karatasi yalikuwa na mantiki, miaka minane sio midogo. Ila sitawalaumu wale vijana, kwa sababu makaa yakishachomwa yamechomwa, anga haliangalii mkataba.

Mwaka ule ule wakaleta sheria ya hita za majumbani, hita mpya itumie angalau asilimia 65 ya nishati jadidifu. Wenye nyumba za zamani, wastaafu wengi, wakauliza pesa ya kubadilisha natoa wapi. Ruzuku ilikuja kuelezwa vizuri baadaye, hofu ilishasambaa, na chama cha mrengo mkali wa kulia, AfD, kikaivuna. Uchaguzi wa 2025 Kijani walishuka mpaka asilimia 11.6 kutoka 14.8. Sio sheria hiyo tu iliyowashusha, ila ilionyesha pale pale wanapoteleza, waliweka mpaka kwanza, jibu la nani analipa likaja nyuma.

Nikarudi kwetu. Maandamano ya gesi, 2012 na 2013, mnakumbuka na sitaki kufungua vidonda vya familia zilizopoteza watu. Watu wa vyama tofauti walitembea pamoja barabara hizi, kwa hiyo hapa pia kamba ya vyama haikutosha. Lakini ukisikiliza hoja zetu zilikuwa nani anufaike, Mtwara au Dar, bomba liende au lisiende. Hoja za haki kabisa na bado nazisimamia. Ila hakuna aliyeuliza itoke kwa kasi gani, na mwaka wa 31 tutakuwa na nini mkononi. Na simwambii mtu wa Mtwara asikue, mtu ambaye umeme wake ni taa tatu na chaji ya simu sio aliyeharibu anga, hata ndani ya watu wa kijani wengi wanasema wa kupunguza ni matajiri kwanza.

Baada ya maneno yangu mama mmoja akasimama, anatoka kijiji cha pwani upande wa Lindi, akasema mwanangu umeongea Ujerumani sana, sisi tunafunga mwamba wa pweza, hilo mbona hukusema. Nikamwambia mama sema wewe. Akaeleza kwamba kijiji kinakubaliana kufunga mwamba miezi mitatu hivi, pweza anakua haraka sana, siku ya kufungua wanatoka wakubwa na bei nzuri. Mpaka umewekwa, unafanya kazi. Kisha akasema, lakini wanaookota pweza kwa miguu maji yakitoka ni sisi wanawake, mwamba ukifungwa sisi ndo tunalala njaa, wanaume wenye mitumbwi wanaenda kina kirefu. Siku ya kufungua wazamiaji wanakuja na miwani na ngalawa, hata wa vijiji vingine, wanamaliza kabla sisi hatujafika magotini.

Ukumbi ukanyamaza. Nikamwambia mama umeieleza Saarbrücken yote kwa dakika mbili. Kisha tukakaa na hilo jambo kwa kweli, nusu saa nzima, wazee wawili wa kamati za mazingira za pwani wakachangia. Wakapendekeza siku ya kwanza ya kufungua iwe ya waokotaji wa miguu peke yao, wazamiaji waingie kesho yake. Wengine wakasema mwamba ugawanywe, upande wa kina kifupi ufungwe kwa zamu sio wote, ili pasiwe na mwezi mama hana pa kwenda. Kijana mmoja akapendekeza ushuru wa ngalawa za nje siku ya kufungua uingie mfuko wa waliofunga mikono miezi mitatu. Hapo wakabishana sana, kwa sababu wazamiaji walikuwepo na walisema nao wana watoto, na mzee mmoja akauliza huo mfuko funguo atashika nani, mwenyekiti wa kijiji au wanawake wenyewe. Muadhini akaadhini hawajakubaliana, wakapanga kuendelea kijijini kwao kabla bamvua kubwa haijafika.